Msaada: cheti cha mfumo wa ghala kinaisha Jumamosi, CAA inakataa

Mpimaji_Kibaigwa: Wakuu habari za jioni. Nimekwama. Nasimamia mfumo wa kupokea mazao kwenye ghala la chama chetu cha ushirika hapa Kibaigwa. Mkulima analeta mahindi, yanapimwa, stakabadhi inatoka mtandaoni. Anwani ni ghala.mfano.or.tz, jina nimebadili. Natumia cheti cha bure cha Let's Encrypt na certbot ndiyo inayokihuisha. Karibu mwezi mzima sasa inagoma, na cheti kinaisha Jumamosi. Ujumbe ni huu:

```
CAA record for mfano.or.tz prevents issuance
```

Kwenye zoni yangu sina rekodi ya CAA hata moja. Nimeamua ninunue domeini mpya nihamishie mfumo huko. Swali langu ni moja tu: nichukue .co.tz au .com?

Binti_Manyoni: Chukua .co.tz kaka, wateja wa hapa wanaiamini. Mimi duka langu la mafuta ya alizeti lilisumbua hivyo hivyo, simu za wateja zinaandika "si salama". Kumbe simu zenyewe zilikuwa na tarehe ya zamani! Waambie wakulima warekebishe saa kwanza.

Tai_wa_Bahi: Saa ya simu haihusiki hapa dada, maana anayekataa ni mtoa cheti. Mkuu, hapo kwenye mfano.or.tz kuna rekodi inayoruhusu kampuni nyingine. Ongeza mstari wa letsencrypt.org chini yake, ila hakikisha uwe wa mwisho, kwa sababu mistari ikiwa miwili ya mwisho ndiyo inayoshinda.

Fundi_Ihumwa: Tai, umepatia nusu. Mistari ya issue haishindani, inajumlishana. Ikiwepo miwili, watoa vyeti wawili wanaruhusiwa, iwe imeandikwa kwa mpangilio wowote. Mpimaji, kabla ya kununua chochote endesha hizi mbili utuwekee majibu:

```
dig +short CAA ghala.mfano.or.tz
dig +short CAA mfano.or.tz
```

Mpimaji_Kibaigwa: Ya kwanza haikurudisha kitu. Ya pili imeleta hivi:

```
0 issue "digicert.com"
```

Fundi_Ihumwa: Ndiyo hiyo. Mtoa cheti anaanza kuuliza kwenye jina lenyewe, ghala.mfano.or.tz. Asipokuta CAA anapanda kwa mzazi, mfano.or.tz. Hapo amekuta rekodi, akasimama, akasoma kwamba anayeruhusiwa ni DigiCert peke yake. Ndiyo maana ujumbe wako umetaja jina la mzazi wakati wewe uliombea mtoto. Nani anashika DNS ya mfano.or.tz?

Nyani_Mzee: Samahani wadau, mimi naona hii ni stori ya kutunga. Umesema cheti kinafanya kazi mpaka leo na kinaisha Jumamosi. Kama rekodi inakataza Let's Encrypt, hicho ulichonacho kilitokaje? Cheti chao ni cha siku 90, si cha miaka. Au hiki ni chambo cha muuza domeini.

Binti_Manyoni: Hee! Na mimi nilishaanza kumpigia hesabu ya bei.

Mpimaji_Kibaigwa: Sijatunga. Njoo Kibaigwa sokoni nikuonyeshe foleni ya malori.

Fundi_Ihumwa: Nyani, swali lako ni zuri, na linajibika. CAA inasomwa wakati wa kutoa cheti tu. Kivinjari hakiiangalii kabisa. Cheti kilichokwishatoka hakiguswi, kinaishi mpaka tarehe yake. Kwa hiyo inatosha rekodi iwe imewekwa baada ya cheti cha mwisho kutoka. Certbot huanza kuhuisha zikibaki siku kama 30, na ndugu anasema imegoma karibu mwezi mzima. Hesabu inakaa. Kilichobaki ni atuambie iliwekwa lini na nani, maana hilo amelikwepa.

Mpimaji_Kibaigwa: Sawa. Waliweka makao makuu ya chama, hapo Dodoma mjini, kama wiki sita zilizopita. Walitutumia barua matawi yote kwamba vyeti vyote vitapitia kwao. Lakini wakuu nielewe: mimi niliwaandikia mara moja, sikujibiwa. Ghala haliwezi kusimama msimu huu. Na zoni ya ghala walinikabidhi wenyewe kwa rekodi za NS, iko kwenye seva zangu. Kwa hiyo domeini mpya sioni kosa lake.

Mzee_wa_Zuzu: Kijana, barua ni barua. Ukihamisha stakabadhi za wakulima kwenye anwani ambayo chama hakiijui, siku gunia likipotea utasimama peke yako. Nimekaa kwenye ushirika muda mrefu, nimeyaona haya. Wapigie simu.

Tai_wa_Bahi: Mzee yuko sahihi. Halafu kama zoni ya ghala ni yake, si anaweza kuweka CAA yake humo humo? Au ya mzazi inaizuia?

Fundi_Ihumwa: Haizuii. Rekodi ya jina lililo karibu ndiyo inayosomwa. Akiweka CAA kwenye ghala.mfano.or.tz, mtoa cheti anaishia hapo na hapandi tena. Hili makao makuu wanapaswa kulijua: aliyekabidhiwa zoni kwa NS anaweza kujiandikia ruhusa yake. Lakini kuweza si kuruhusiwa, na mimi nisingefanya kabla ya kuwaambia. Wapigie leo, uwasomee mstari wenyewe, uliobanwa kwa akaunti yako tu:

```
ghala.mfano.or.tz. IN CAA 0 issue "letsencrypt.org; accounturi=https://acme-v02.api.letsencrypt.org/acme/acct/1234567"
```

Namba ya akaunti yako utaipata kwa `certbot show_account`. Hapo hata mtu mwingine akiteka tovuti yako akaomba cheti Let's Encrypt kwa akaunti yake, atakataliwa. Angalizo moja: usiujaribu mstari huu kwa `--dry-run`. Jaribio linakwenda kwenye seva yao ya majaribio, ambako akaunti yako ina anwani tofauti, utakataliwa na utadhani umekosea kuandika.

Nyani_Mzee: Naondoa neno "stori". Ila barua ungeitaja mwanzo, kaka.

Mpimaji_Kibaigwa: Nimewapigia. Mhusika amesema kwa mdomo niweke kwa ajili ya ghala, maandishi yatafuata. Nimeweka. `dig` inaonyesha mstari wangu kwenye ghala. Nikaendesha certbot, imekataa tena, ujumbe ule ule wa mfano.or.tz!

Tai_wa_Bahi: Subiri TTL iishe, wanasoma ya zamani.

Fundi_Ihumwa: Ingekuwa TTL angeona tofauti baada ya muda, lakini nadhani ni kingine. Cheti chako kina majina mangapi? Angalia `certbot certificates`.

Mpimaji_Kibaigwa: Mawili. ghala.mfano.or.tz na bei.mfano.or.tz, ile ya bei za soko.

Fundi_Ihumwa: Na bei haimo kwenye zoni uliyokabidhiwa, sivyo? Kila jina linakaguliwa peke yake. Ghala limepita, bei imepanda kwa mzazi ikakuta digicert.com, na jina moja likikataliwa ombi zima linaanguka. Yatenganishe:

```
certbot certonly --cert-name ghala.mfano.or.tz -d ghala.mfano.or.tz
```

Mpimaji_Kibaigwa: Kimetoka! Cha ghala kimetoka. Nimepakia upya nginx, kufuli linaonekana. Bei nayo naifanyaje? Nimefikiria niwaombe waikabidhi kwangu kwa NS kama ghala.

Mzee_wa_Zuzu: Kwanza pata yale maandishi ya ghala mkononi.

Fundi_Ihumwa: Kwa bei naona wakutolee wao cheti cha DigiCert, kwa kuwa ndiyo barua ilivyosema. Ukurasa wa bei unaweza kusubiri, mzani hauwezi.

Mpimaji_Kibaigwa: Hapo sikubaliani nawe kabisa mkuu, wakulima wanaangalia bei kabla ya kupakia lori. Lakini nitawaandikia kesho asubuhi, yote mawili kwenye barua moja.