Wadau naombeni ushauri: swali moja, majibu mawili, zawadi moja

Mwl_Shangani: Habari za jioni wadau. Nafundisha tuisheni hapa Mtwara mjini. Niliwapa vijana wa kidato cha pili swali la mashindano: tafuta namba kamili chanya tatu zinazotimiza 1/x + 1/y + 1/z = 4/5. Zawadi elfu hamsini. Jibu ni 2, 5, 10, na kuna kijana kalipata. Sasa binti mmoja kaleta 2, 4, 20 na mama yake keshanipigia simu. Nimwelezeje bila ugomvi?

Korosho_Ghafi: Nusu, robo na moja ya ishirini: 10/20 + 5/20 + 1/20 = 16/20, yaani 4/5. Unataka kumweleza nini mama wa watu?

Bi_Mikindani: Haya mambo ya nusu na robo mimi nayajua. Baba alituachia mikorosho kule Newala, kaka akabeba nusu, anayemfuata robo, mimi nikatupiwa kona ya miti isiyozaa. Mwambie huyo mama asikubali.

Babu_Ligula: Mwalimu, binti yuko sahihi. Ila nijibu hili: ulijuaje kuwa jibu ni moja tu?

Mwl_Shangani: Nilikagua zote mkuu.

Babu_Ligula: Zote hadi wapi?

Mwl_Shangani: Kwa kompyuta, kila herufi kuanzia 1 mpaka 15. Kwa kidato cha pili inatosha kabisa. Halafu karatasi niliandika "tafuta jibu pekee", kwa hiyo anayeleta la pili hajafuata maelekezo.

Korosho_Ghafi: 😂😂 Ishirini ikawa inakuchungulia kutoka nje ya uzio.

Mmasasi: Hata hiyo 15 ni nyingi. Sehemu tatu zikilingana ni 3/x = 4/5, x inatoka 3.75. Kwa hiyo hakuna namba inayoruhusiwa kuzidi 3.

Babu_Ligula: Mmasasi, umeshika kamba sahihi ila umefunga ng'ombe wote watatu. Kikomo hicho ni cha namba ndogo kuliko zote peke yake. Kwa kuwa kujumlisha hakujali mpangilio, tuseme x ndiyo ndogo, y inafuata, z kubwa. 1/x ndiyo sehemu kubwa, hivyo jumla haizidi 3/x. Ndiyo maana x haivuki 3. Na haiwezi kuwa 1, maana 1 peke yake imeshapita 4/5. Zimebaki 2 na 3 tu.

Ukichukua x = 2, zilizobaki zinatakiwa zitoe 3/10. Rudia hoja ileile: 2/y isipungue 3/10, basi y haivuki 6. Tena 1/y lazima iwe chini ya 3/10, basi y inaanzia 4. Ukiweka 4, inabaki 1/20. Ukiweka 5, inabaki 1/10. Ukiweka 6 inabaki 2/15, na hakuna z kamili ya kuitoa hiyo.

Ukichukua x = 3 inabaki 7/15, y ni 3 au 4 tu. Ya kwanza inaacha 2/15, ya pili 13/60. Zote zinakataa.

Kesi tano, na z sikuikagua hata mara moja. Ukishajua x na y, z inajileta yenyewe au haipo. Majibu ni mawili basi, hata ukihesabu mpaka milioni.

Mmasasi: Sawa babu, ila binti akiandika 20, 4, 2 ni jibu la tatu?

Babu_Ligula: Inategemea swali lilivyoandikwa. Ukihesabu kila mpangilio, kila jibu lina sura sita, yanakuwa 12.

Kijana_wa_Lindi: Wadau mnapigwa chai hapa. Mwalimu gani anashindwa kujumlisha nusu na robo? Huyu ndiye mwanafunzi, anatafutiwa majibu. Na kijana aliyepata 2, 5, 10 mbona hatajwi tena?

Bi_Mikindani: Eti, huyo kijana ni mtoto wa nani?

Mwl_Shangani: Siyo chai. Kijana ni mpwa wangu, lakini alipata kwa haki. Na hela nilishampa, keshanunua viatu. Nifanyeje, nimvue?

Kijana_wa_Lindi: Nilijua.

Korosho_Ghafi: Tuyaache ya viatu. Babu, kila 4 juu ya namba inapasuka hivi vipande vitatu?

Babu_Ligula: Wanahisabati Erdős na Straus walikisia hivyo mwaka 1948, kuanzia 4/2 kwenda mbele. Namba yoyote moja utakayonipa naweza kuiwekea kikomo na kuimaliza. Ila namba zenyewe haziishi. Kompyuta zimekagua nyingi kupindukia bila kukuta inayokataa, na bado hakuna aliyethibitisha.

Mwl_Shangani: Kwa hiyo hata wao wamekagua mpaka mahali wakaishia, kama mimi.

Babu_Ligula: Wao hawakuandika "jibu pekee", mwalimu.

Bi_Mikindani: Mpe binti elfu hamsini yake.