Tupeane uzoefu: kuandika monolojia ya dakika mbili kwa ajili ya usaili wa chuo cha maigizo

Binti wa Keko:
Habari za jioni wakuu. Nina usaili wa chuo cha maigizo mwezi ujao. Maelekezo yanasema kila mwombaji aje na monolojia ya jukwaani ya dakika mbili, aliyoiandika mwenyewe. Naomba waliopitia njia hii wasimulie: mlianzia wapi, mlipimaje muda, nini mlikata?

Natanguliza yangu. Ni dada anayemzuia kaka yake asiuze nyumba ya familia, hapa hapa Keko. Inaanza hivi: "Baba alipofariki tulibaki wanne katika nyumba hii. Mama aliuza maandazi, akatusomesha. Kaka alikuwa tegemeo letu, lakini alibadilika tangu alipohamia Mbagala..." Nikiisema kwa sauti inafika karibu dakika nne. Rafiki yangu aliyenisikiliza anasema maneno ni mazuri ila katikati alianza kuchezea simu. Nikate wapi?

Kipaji Tabata:
Dada, kanuni ni ukurasa mmoja dakika moja. Andika kurasa mbili, usizidishe. Halafu hakikisha unalia. Mimi nimeona watu wakipita kwa sababu ya machozi tu. Anza na machozi, maliza na machozi, jopo halitakusahau.

Mzee wa Kamera:
Mimi usaili wangu nilisimama mbele ya kamera, nikataja jina, umri na urefu, nikageuka ubavu wa kushoto na wa kulia, basi. Kuandika hakukuwepo kabisa. Wewe jiamini, vaa nguo isiyo na maua maua, usitazame kamera mpaka uambiwe.

Jirani Sinza:
Mzee, huo ni usaili wa filamu. Mwenzetu anaomba nafasi ya kusoma, na atapanda jukwaani.

Mama Jukwaa:
Nimesoma maigizo Mlimani zamani kidogo, na tangu hapo nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, nikiwa mmoja wa wasaili. Niseme ninachokiona kutoka kwenye kile kiti.

Kanuni ya ukurasa kwa dakika ni ya miswada ya filamu, ambako ukurasa una nafasi nyingi nyeupe, maelezo ya picha na mistari mifupi. Monolojia ni maneno yaliyobanana. Kurasa mbili zilizojaa haziingii ndani ya dakika mbili hata ukikimbia. Wengine wanachukua kipimo cha Kiingereza, maneno 250 hadi 300, nacho kinatuumiza kwa sababu neno letu moja limebeba mengi. "Nisingekuuzia" ni neno moja, lakini lihesabu kwa pumzi uone. Kwa Kiswahili mimi nawaambia vijana maneno 150 hadi 200, pamoja na vituo vya kimya. Lenga dakika moja na sekunde 45. Hizo zilizobaki zitaliwa na pumzi yako na ukimya wa chumba.

Binti, tatizo la andiko lako limeanza kabla ya urefu. Chukua kalamu nyekundu, zungushia kila kitenzi chenye -li-: tulibaki, aliuza, alikuwa, alibadilika. Ukiona wekundu umejaa, ujue unasimulia. Rafiki yako alishika simu kwa sababu hiyo. Msimulizi hana anachokihitaji kwetu sasa hivi, na sisi hatuna cha kungojea. Jukwaani tunataka mtu anayemfanyia mwenzake kitu kwa maneno: anamzuia, anambembeleza, anamhonga, anamtisha. Vitenzi vyake vitakuwa vya kuamuru na kuomba: weka, ngoja, usiondoke, nitazame.

Kwa hiyo jibu maswali matatu kabla hujaandika tena. Anazungumza na nani, yuko wapi chumbani? Anataka huyo mtu afanye nini kabla dakika mbili hazijaisha? Na ni kitu gani atakigundua katikati kitakachomlazimisha abadili njia? Hilo la tatu ndilo wengi hawana. Likija mapema, nusu ya pili inapoa. Likija mwishoni kabisa, hatupati kukuona ukibadilika. Liweke karibu na sekunde ya 60 au 70.

Machozi sina ugomvi nayo yakija yenyewe. Lakini ukianza unalia, umeshafika kileleni mlango ukiwa bado wazi. Utaenda wapi kutoka hapo?

Binti wa Keko:
Shikamoo mama, nashukuru sana. Nimekaa na hayo maswali matatu. Kaka yuko mezani, mkataba uko mbele yake, mnunuzi anasubiri nje. Dada anataka asitie sahihi. Anachokigundua ni kwamba kaka anadaiwa na watu wabaya. Naweka yote hapa mnipitie:

*"Weka kalamu chini. Weka kwanza, mnunuzi hatakimbia, nimemwagizia soda. Kaka, nitazame. Usitazame karatasi, nitazame mimi. Unataka shilingi ngapi? Nina kiwanja Chanika, kichukue. Cherehani zangu zote mbili, chukua. Mpangaji wa chumba cha uani kaleta kodi ya miezi sita, hii hapa. Hesabu. (Anaweka pesa mezani. Kimya.) Huhesabu. Wewe, uache kuhesabu hela? (Kimya.) Nani anakudai? Usinitafutie uongo. Ile pikipiki haikuibiwa, sivyo? Na mama anajua. Ndiyo maana kajifungia tangu asubuhi, mimi namgongea nikidhani presha imepanda. Kunja mkono wa shati. Kunja nione. (Anatazama. Kimya kirefu.) Haya. Haya. Mwite mnunuzi aingie. Mama abaki na chumba chake mpaka Idi ipite, hilo liandikwe, usinibishie. Na hilo deni tunakwenda kulilipa wawili, mchana, watu wakituona. Sogea. Hapa pa shahidi ndipo wapi? Nipe hiyo kalamu."*

Nikiisema na vituo vyake inaangukia dakika moja na sekunde arobaini na kitu.

Jirani Sinza:
Aisee. Nimeisoma nikiwa kwenye mwendokasi, nikapitiliza kituo.

Mama Jukwaa:
Marahaba mwanangu. Hii sasa ina mifupa. Niwaonyeshe wengine kwa nini inasimama, maana hapa kuna jambo ambalo waombaji wengi hulikosa.

Kaka hasemi neno hata moja. Kila anachojibu ni kitu ambacho hakufanya au mwili wake umekifanya: hakuhesabu pesa, alitazama karatasi, alificha mkono. Kwa hiyo dada halazimiki kurudia maneno ya mtu tusiyemsikia. Tunaletewa monolojia nyingi za mtu akiongea na simu: "Nini? Unasema hutakuja? Kwa sababu ya mvua?" Hayo ni mazungumzo ya watu wawili yaliyokatwa nusu, na mwigizaji anamaliza nguvu zake akitutafsiria mwenzake.

Tazama pia historia ilikokwenda. Baba na maandazi vimetoka, lakini tunajua mama ana presha, kuna wapangaji, dada ni fundi cherehani, kaka ni mpenda hela. Yote yamepita ndani ya vitu anavyovitumia kumzuia.

Nina mashaka mawili. "Ile pikipiki haikuibiwa, sivyo?" inafuata haraka sana baada ya "Nani anakudai?" Dada amejuaje? Mpe kituo hapo, aunganishe mambo mbele yetu. Pili, "watu wakituona" ni mstari mzuri, usiusukume. Useme kama unapanga safari ya sokoni.

Kipaji Tabata:
Nakubali kuhusu kurasa. Ila kwenye machozi nabaki palepale. Akiona ule mkono lazima alie, la sivyo jopo litajuaje ameumia?

Mama Jukwaa:
Litajua kwa sababu amebadili uamuzi. Aliingia kuzuia sahihi, anatoka akiweka sahihi yake mwenyewe. Akilia au asilie, hilo limeshatokea.

Kijana Mwananyamala:
Mimi nilipita usaili wa jukwaani kwa monolojia niliyoandika mwenyewe, ya konda wa daladala anayemsihi abiria wa mwisho asishuke kwa sababu anaogopa kurudi peke yake kulaza gari. Nilichojifunza ni mahali pa kumweka huyo abiria. Nilimweka hewani, juu kidogo ya vichwa vya wasaili, upande wa kulia. Mwanzoni mazoezini nilimweka kwenye kiti pembeni yangu, dada yangu akaniambia anaona sikio langu tu. Binti, kaka yako akikaa kwenye kiti cha kweli jukwaani, kiweke mbele yako kuelekea jopo, siyo ubavuni.

Jambo jingine, baada ya kumaliza waliniambia nirudie, safari hii abiria akiwa ni mtu ninayemwogopa. Nilikuwa nimeshikilia sauti moja na mikono ileile kwa kila mstari, ikawa kazi kubwa kubomoa. Maneno yashike, lakini jinsi ya kuyasema usiifunge.

Binti wa Keko:
Asante kaka, hilo la kiti sikuwa nimelifikiria. Kwangu kuna meza pia. Ni lazima iwepo?

Kijana Mwananyamala:
Kwangu tulipewa kiti kimoja tu. Mimi ningeandika kana kwamba hakuna meza. Pesa anaweza kumshikisha mkononi.

Mama Jukwaa:
Naam, na mkononi ni bora zaidi. Akimshikisha, halafu mkono wa kaka usizifumbate, tunaona papo hapo.

Mdau wa Ughaibuni:
Samahani nawakatiza. Mimi naomba chuo cha nje, na wao wanataka monolojia kutoka tamthilia iliyochapishwa, hawapokei ya kujitungia. Nifanyeje na yangu niliyoiandika?

Mama Jukwaa:
Iweke kwa chuo kingine, hapo haitakusaidia. Vyuo vingi vya nje viko hivyo, wanataka uisome tamthilia nzima ili wakuulize kuhusu mhusika. Ukitaka kitu cha kwetu, *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1970, kwa hiyo lugha zote mbili unazo. Waulize kwanza kama wanapokea Kiswahili.

Binti wa Keko:
Nina swali la mwisho wakuu. Kabla ya kuanza, nijieleze? Niseme "huyu ni dada, kaka yake anataka kuuza nyumba"?

Kijana Mwananyamala:
Mimi nilisema sentensi moja, nikavuta pumzi, nikaanza. Ilinisaidia kutulia.

Mama Jukwaa:
Mimi napendelea jina na kichwa cha monolojia, basi. Ukihitaji kutueleza ni nani, ina maana mstari wa kwanza haujafanya kazi, na wako unafanya. Lakini wenzangu wa kwenye jopo tunabishana sana juu ya hili, wapo wanaotaka utangulizi. Piga simu chuoni uulize kama muda unahesabiwa tangu unapoingia au tangu neno la kwanza, maana ukihesabiwa tangu unapoingia, hiyo sentensi inakula sekunde zako.

Binti wa Keko:
Napiga kesho asubuhi. Nimeshaongeza kituo baada ya "Nani anakudai?", na pesa nimezihamishia mkononi.