Ulinganisho wa seva: 99.5, 99.9 au 99.99, mfumo unaruhusiwa kulala saa ngapi kwa mwaka?

Tiketi_Mbezi, Jumatatu saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mfumo wa tiketi wa ofisi ya mabasi ya mikoani, dirisha letu liko stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mkataba wa seva unaisha mwezi huu na nimeletewa bei tatu. Daraja la chini wanaahidi kuwa hewani asilimia 99.5 kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. La kati ni 99.9 kwa 140,000. La juu ni 99.99 kwa 520,000.

Bosi ameziangalia akasema zote ni 99 na kitu, chukua ya chini. Mimi nasita. Ijumaa moja mwezi uliopita mfumo ulilala kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 1 na nusu usiku, mawakala wakarudi kwenye vitabu vya karatasi. Kesho yake alfajiri siti namba 14 ilikuwa na watu wawili: mama mwenye mtoto mgongoni ameshika karatasi yenye mhuri wetu, na kijana anaonyesha meseji kwenye simu. Wote wamelipa. Yule mama alisafiri na basi la saa 4, na nauli tulimrudishia.

Naomba mnisaidie, hizi namba tofauti yake ni nini hasa?

Juma_Tabata, saa 2:31 usiku

Mkuu, 99.5 ni kama siku mbili za kukatika kwa mwaka mzima. Siku mbili kati ya 365 si kitu. Bosi wako yuko sahihi, chukua ya chini, hela inayobaki nunua betri za kuhimili umeme ukikatika.

Fundi_Sinza, saa 3:05 usiku

Juma hesabu yako iko karibu, ila hizo siku mbili haziji kwa pamoja siku ambayo ofisi imefungwa. Mwaka una saa 8,760. Nusu asilimia ya hapo ni saa 43 na dakika 48. Ukipanda mpaka 99.9 unabaki na saa 8 na dakika 45. Kwenye 99.99 unabaki na dakika 52 na sekunde chache. Kuna wanaouza hata 99.999, hiyo ni dakika 5 na robo kwa mwaka, na hapo binadamu akipigiwa simu usiku aamke awashe kompyuta, muda umeshaisha. Lazima mashine zijibadilishe zenyewe.

Kwa hiyo kaka, kila tisa unayoongeza inakata muda wa kulala mara kumi. Kwa macho 99.5 na 99.99 zinafanana kwa sababu tunaangalia upande mkubwa. Angalia upande mdogo, ile sehemu iliyobaki kufika mia: 0.5 dhidi ya 0.01. Moja ni mara hamsini ya nyingine.

Halafu mwambie bosi kwamba hiyo namba ni ruhusa, si utabiri. Kampuni ya 99.5 inaweza kukaa mwaka mzima ikakatika saa tatu tu. Inachosema ni kwamba hata ikikatika saa 43, huna pa kudai.

Mama_wa_Feri, saa 3:22 usiku

Samahani wanangu, mimi sijui seva, ila hili nalijua kwa upande wa umeme. Nina chumba cha baridi cha samaki karibu na Feri. Mwaka juzi niliandika kwenye daftari kila umeme ulipokatika. Mwezi mmoja ulikatika mara nyingi sana, dakika tano, dakika kumi, jumla ilizidi saa 9, na sikupoteza hata changu mmoja kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na barafu inashika. Mwezi uliofuata ulikatika mara moja tu, saa 8 mfululizo, jenereta ikagoma. Niliuza nguru kwa bei ya kutupa.

Ukiniletea asilimia, ule mwezi wa pili ndio mzuri. Kwangu ulikuwa mbaya kuliko yote. Sasa huko kwenye tiketi ni vipi?

Fundi_Sinza, saa 3:40 usiku

Mama shikamoo. Umegusa mahali ambapo hata mafundi wengi hatupaangalii. Asilimia inajumlisha tu, haisemi kukatika kumekujaje.

Kwenye tiketi inaweza kuwa kinyume cha samaki. Mfumo ukilala kwa muda wa saa 8 usiku wa Jumanne, dirisha limefungwa, hasara ni ndogo. Ukikatika dakika tatu tatu mara ishirini jioni ya Ijumaa, kila mara kuna abiria amelipa na tiketi haijatoka, na hapo ndipo siti inauzwa mara mbili. Saa moja tu kwa jumla, lakini ni balaa. Tiketi_Mbezi, waulize wanahesabu kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa mwezi wa siku 30, 99.9 inaruhusu dakika 43 tu, kwa hiyo ile Ijumaa yako ya saa mbili na nusu ingekuwa imevunja ahadi. Wakihesabu kwa mwaka, bado wangekuwa na saa sita na robo mkononi.

Mhasibu_Upanga, saa 4:02 usiku

Mimi nimeiweka kwa shilingi, maana bosi atasikiliza hiyo. Kutoka daraja la chini kwenda la kati unaongeza 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka, na ruhusa ya kukatika inapungua kwa saa 35. Kila saa unayoiokoa umeinunua kwa takriban 27,400. Kutoka la kati kwenda la juu unaongeza 4,560,000 kwa mwaka kuokoa saa 7 na dakika 53. Hapo kila saa ni kama 578,000.

Swali ni moja: saa moja ya kulala inakugharimu kiasi gani?

Tiketi_Mbezi, saa 4:15 usiku

Asante sana dada. Saa ya jioni yenye watu tunakata kama tiketi 40. Mfumo ukilala wengi wanasubiri au wanakubali karatasi, ila kama 10 wanavuka kwenda dirisha la jirani. Nauli 35,000, kwa hiyo 350,000. Saa za mchana hata robo ya hiyo haifiki.

Mhasibu_Upanga, saa 4:19 usiku

Kumbe daraja la kati linajilipa, la juu halijilipi, hata ukidhani kila saa inayokatika ni ya jioni. Yule mama wa siti 14 sijamweka kwenye hesabu. Sijui nimpe bei gani.

Juma_Tabata, saa 4:33 usiku

Nimeelewa, nafuta kauli yangu ya mwanzo. Ila naongeza: mfumo mzima hauwezi kuzidi kiungo chake dhaifu. Kama intaneti ya dirishani ni 99.5, basi hata ukinunua seva ya 99.99 mwisho wa siku unapata 99.5.

Fundi_Sinza, saa 4:58 usiku

Nusu yake ni kweli Juma. Unapata chini ya 99.5, kwa sababu viungo havipangi kukatika siku moja. Leo seva, kesho intaneti, keshokutwa malipo ya simu. Namba zinazidishwa. Tuseme seva ni 99.9, intaneti ya dirishani 99.5, na njia ya malipo 99.5:

```
0.999 * 0.995 * 0.995 = 0.98903
(1 - 0.98903) * 8760 = 96.1
```

Saa 96, siku nne. Weka seva ya 99.99 mahali pa 99.9 uone: inashuka mpaka saa 88. Umelipa milioni nne na nusu kuokoa saa nane, huku abiria bado anakutana na siku tatu na zaidi za "subiri kidogo, mtandao unasumbua".

Mimi ningechukua seva ya kati, halafu nikaongeza njia ya pili ya intaneti dirishani: ruta ndogo yenye laini ya mtandao mwingine, inayojiwasha ile ya kwanza ikikata. Mbili za 99.5 zinazosaidiana zinalala pamoja kwa nadra sana, kwa karatasi ni dakika 13 tu kwa mwaka. Mnyororo mzima unashuka kutoka saa 96 hadi kama saa 53. Kinachobaki karibu chote ni malipo, na hapo seva haina msaada wowote.

Juma_Tabata, saa 5:06 usiku

Dakika 13? Mbona tarehe 12 Mei 2024 kila mtandao ulikuwa unachechemea hapa Dar?

Fundi_Sinza, saa 5:20 usiku

Ndiyo maana nikasema kwa karatasi. Hesabu ile ni halali pale tu njia mbili hazitegemei kitu kimoja. Siku ile nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika. Ukiwa na laini za kampuni mbili ambazo huko mbele zinapita kwenye nyaya zilezile, unazo rangi mbili za kadi na njia moja.

Hapa swali la seva linarudi kwa sura nyingine: iko wapi? Kama imekaa Dar na mitandao yako yote miwili inabadilishana data hapahapa mjini, waya wa baharini ukikatika dirisha lako linaweza kuendelea kuisoma. Kama iko Ulaya, laini zote mbili zinakwama pamoja hata seva yenyewe ikiwa nzima, na mwenye seva atakuonyesha 100 ya mwezi huo bila kukudanganya.

Tiketi_Mbezi, Jumanne saa 1:45 asubuhi

Wakuu nimeamka nikausoma mkataba wa daraja la kati mpaka mwisho. Wanahesabu kwa mwezi, hiyo ni nzuri. Wakishuka chini ya 99.9 wanarudisha asilimia 10 ya ada ya mwezi, yaani 14,000. Na kuna kifungu: matengenezo yaliyotangazwa hayahesabiwi, na ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri.

Fundi_Sinza, saa 2:20 asubuhi

Hizo ni saa 4 mara 12, saa 48 kwa mwaka nje ya hesabu. Zimezidi hata saa 43 za daraja la chini ulilokuwa unalikimbia. Basi lako la kwanza linaondoka saa ngapi?

Tiketi_Mbezi, saa 2:24 asubuhi

Saa 11 alfajiri. Abiria wanaanza kukaguliwa tiketi saa 10.

Fundi_Sinza, saa 2:31 asubuhi

Basi usibishane nao bei, bishana nao hiyo saa. Waombe waanze saa 5 usiku, wamalize saa 9. Wakikataa, kila Jumamosi inayotangulia chapisha orodha ya abiria kabla dirisha halijafungwa, mkaguzi aishike mkononi.

Mama_wa_Feri, saa 2:50 asubuhi

Na hiyo seva iko Dar au Ulaya? Hujamjibu mwenzako.

Tiketi_Mbezi, saa 3:02 asubuhi

Mama, nimewapigia sasa hivi. Aliyepokea amesema ataniulizia kwa fundi wao, atanipigia mchana.