Saa imejibu taarifa ya msiba "I'm on my way", nifanyeje?

Mja_wa_Ilala: Wakuu, shangazi alituma meseji saa 2 usiku: "Mjomba ametutoka." Nilikuwa naosha vyombo, Apple Watch ikajibu yenyewe "I'm on my way." Huko wananisubiri hadi sasa. Naizuiaje isirudie?

kibopa77: Ingia Messages, bonyeza ujumbe kwa muda, chagua Undo Send. Una dakika 2.

FundiSimu_Kkoo: Dakika 2 ni kweli, ila ni kwa iMessage tu. Shangazi ana Android?

Mja_wa_Ilala: Ndiyo, na maandishi yamekaa kwenye kijani.

FundiSimu_Kkoo: Basi hiyo si iMessage, hairudi. Mpigie sasa hivi, kabla hawajachelewesha mambo kwa ajili yako.

Saa haikujibu yenyewe. Kioo chake hupokea mguso wa kitu chochote kinachopitisha umeme, na maji ya sabuni yanapitisha. Ukiinua mkono taarifa inafunguka, tone linagusa Reply, jingine linagusa jibu. Haikuulizi "nitume?" Ndiyo maana linasomeka kama la mtu mwingine: Kiingereza, herufi kubwa, nukta mwishoni, hata "pole" hakuna. Na baya zaidi, hili ni ahadi. "OK" ingemkera shangazi, hii imemweka mlangoni akikungoja.

Fungua app ya Watch kwenye iPhone, My Watch, Messages, kisha Default Replies. Gusa kila sentensi uiandike upya. Anza na zinazokufunga: "I'm on my way" na "Yes". Mimi ningeweka "Nimeona, nitakupigia." Hiyo haiharibu kitu, iwe msiba, harusi au deni.

Kabla ya kugusa maji, bonyeza kitufe cha pembeni, gusa alama ya tone. Kioo kitaacha kupokea mguso. Ukimaliza, shikilia Digital Crown mpaka kifunguke.

Mama_Tunu: Mimi gari langu hutuma "I'm driving with Driving Focus turned on" kwa wateja. Nalo ni maji?

FundiSimu_Kkoo: Hapana mama, hilo hujaligusa. iPhone imehisi unaendesha, ikajibu. Settings, Focus, Driving, Auto-Reply: chagua nani ajibiwe, na maneno ubadilishe hapo hapo. Kwa Android Auto ni tofauti, hapo unagusa mwenyewe jibu kwenye skrini ya gari.

kibopa77: Si azime taarifa za meseji kwenye saa, yaishe?

FundiSimu_Kkoo: Yataisha, lakini saa ya nini basi?

Mja_wa_Ilala: Nimempigia. Amesema "tumekuwekea chakula." Naenda kweli sasa.

zito_la_pwani: Mwenye Galaxy Watch anijuze, nimeandika majibu yangu ya Kiswahili lakini yale yanayopendekezwa na saa yenyewe bado yanatangulia juu. Yanaondokaje?