Bango la siku ya usafi: tualike au tukemee?

Mjumbe wa kamati, Chang'ombe, Dodoma: Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazibua mfereji wa mtaa. Mwenyekiti anataka bango liandikwe "ACHA UCHAFU, SHIRIKI USAFI, FAINI IPO". Naona litafukuza watu. Tuandike nini?

Mchora mabango, Nkuhungu: Toa "acha uchafu". Atakayelisoma kwa makini ni mama aliyeamka alfajiri kufagia uwanja wake, naye ataona ameitwa mchafu. Anayemwaga taka mferejini usiku atajua kumbe wako wengi kama yeye, basi ataendelea. Mimi ningeandika hivi:

TUUZIBUE MFEREJI KABLA YA MVUA
Jumamosi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Njoo na fagio, chepe zipo.

Mstari wa juu uwe na herufi kubwa, maana wa bodaboda hana muda wa kusoma zaidi ya huo. Ila msisahau saa ya kumaliza. Mtu akijua saa 3 yuko huru, kabla jua la Dodoma halijachachamaa, anatoka. Akiona "kuanzia saa 1" tu, anahesabu kwamba siku yote imekwenda. Na hizo chepe ziwepo kweli! Watu wakikuta mbili kwa mtaa mzima, mwezi ujao hata bango zuri halitawatoa.

Mwenye duka, Majengo: Maneno matamu hayo. Sisi Jumamosi hizo tunafunga maduka kwa kuogopa faini, si kwa sababu ya kaulimbiu.

Mchora mabango: Kufunga mnafunga, sikatai. Ila wangapi mnashika fagio? Wengi mnakaa ndani mkingoja muda wa kufungua.

Mwenye duka: Hapo umenipata kidogo. Lakini ukiifuta faini kabisa, hata huko kufunga hakutakuwepo.

Mama wa Ipagala: Kwetu tulijaza viroba tukavipanga barabarani, gari la taka halikuja wiki nzima. Mbuzi wakachana, upepo ukatawanya mifuko hadi kwenye michongoma. Andikeni kwanza gari linakuja lini.

Mchora mabango: Mama, bango haliwezi kuleta gari. Ila umenikumbusha: msiandike "mtaa utang'aa". Ahidini kilicho mikononi mwenu, yaani mfereji kuzibuka.

Mjumbe wa kamati: Nimempelekea mwenyekiti. Mwaliko kaukubali, ila faini anataka ibaki chini kwa herufi ndogo.

Mchora mabango: Iwekeni kwenye tangazo la mtendaji, lina mahali pake ofisini. Kwenye bango, hata ikiwa ndogo, macho yatakimbilia hapo.

Mzee wa mtaa wa Kikuyu: Mimi ningeanza na "Mbukwenyi!" Mgogo akisalimiwa hivyo lazima ageuke.

Mwenye duka: Na sisi tuliohamia juzi?

Mzee wa mtaa wa Kikuyu: Mtauliza maana yake kwa jirani. Si ndiyo mtakuja naye?

Mjumbe wa kamati: Mwenyekiti mwenyewe ni wa kuja, sijui atasemaje.