MREJESHO: Valvu ya njia mbili kwenye koili ya maji baridi

Niliuliza: "Valvu inafunguka na kufunga bila kutulia, hewa mara baridi sana, mara vuguvugu. Tatizo ni kontrola?"

Kontrola ni nzima, valvu ndiyo ilikuwa kubwa mno. Ilichaguliwa kwa saizi ya bomba: DN40, Kvs 25, yaani ikiwa wazi kabisa inapitisha 25 m³/h kwa tofauti ya presha ya kPa 100. Koili inahitaji 3.6 m³/h, na kwa mtiririko huo valvu ikiwa wazi kabisa inapoteza kPa 2 tu, wakati koili na mabomba ya tawi yanakula kPa 30. Mamlaka yake, yaani sehemu ya presha yote ya tawi inayopotea kwenye valvu ikiwa wazi kabisa, ni 2 ÷ 32, karibu 0.06. Ndiyo maana ikifunguka kidogo tu, koili inapata karibu maji yote.

Tumeweka DN20, Kvs 6.3:

```
ΔP = 100 × (3.6 / 6.3)² = 33 kPa
Mamlaka = 33 / (33 + 30) = 0.52
```

Sasa joto la hewa limetulia.

Kabla hujaiga, pima tofauti ya presha kwenye tawi. Hapa inahitajika kPa 63. Ikipungua, koili haitapata maji ya kutosha hata valvu ikiwa wazi kabisa. Hakikisha pia aktueta ina nguvu ya kufunga dhidi ya presha ya juu kabisa ya pampu, la sivyo maji yatavuja kupita.