Valvu ya mashine ya marobota ya mkonge: nichague ya katikati ipi kati ya hizi tatu?

DadaFundi_Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Nahudumia mashine ya kufunga marobota ya mkonge, njia ya Muheza. Pampu moja ya lita 30 kwa dakika, silinda moja inayoshuka kutoka juu, valvu moja ya njia ya mafuta yenye koili mbili, tangi la lita 120 hivi. Rilifu, ile valvu ya kuachia presha ikizidi, imewekwa bar 150.

Koili ya valvu ya zamani iliungua, dukani nikauziwa valvu nzima "ya saizi hiyo hiyo". Matundu yamelingana, boliti nne zimeingia bila shida, silinda inapanda na kushuka. Ila sasa tangi linachemka. Robo saa tu vijana wakiwa wanapanga nyuzi kwenye boksi, bati la tangi haligusiki kwa kiganja.

Mchoro ninao. Duara lenye pembetatu nyeusi naelewa ni pampu. Visanduku vitatu vilivyopangana ndiyo valvu. Kwenye mchoro, kisanduku cha katikati kina mstari wa P ya pampu kwenda T ya tangi, na A na B za silinda zina kifuniko kama herufi T iliyolala. Valvu mpya, kwenye kibati chake, katikati zote nne zina vifuniko. Muuzaji ana na aina ya tatu, katikati imechorwa kama herufi H, zote zimeungana. Nirudi kwenye ya zamani au nichukue ya H?

Kijana_Ngamiani
Dada, hapo tatizo ni rilifu. Mafuta yanapita humo ndiyo maana yanachemka. Legeza skrubu mpaka bar 70, joto litashuka.

TipaLaPongwe
Mimi nina kesi kama hiyo. Tipa langu nikinyanyua bodi kisha nikaachia mkono, bodi linashuka lenyewe polepole. Nabeba kokoto za Pongwe, siwezi kukaa chini ya bodi kutafuta mahali panapovuja. Nayo ni valvu ya katikati?

MzeeWaMakorora
Kijana ameona mafuta yanapopita, hilo nampa. Lakini ajiulize kwa nini yanapita huko. Binti, weka kidole kwenye mchoro wako juu ya pampu na ufuate mstari. Ncha ya ile pembetatu inatazama nje ya duara, maana yake mafuta yanatoka. Ingetazama ndani ingekuwa mota. Duara halina mshale wa mshazari, basi pampu haipunguzi mafuta: mota ya umeme ikizunguka, lita 30 zinatoka kila dakika, utake usitake. Lazima ziende mahali.

Sasa fika kwenye valvu ikiwa imeachiwa. Mistari ya nje ya mchoro huwa imegusa kisanduku cha katikati, kwa sababu springi za pande mbili ndizo zinazokirudisha hapo. Koili ya kushoto ikipata umeme, kiwazie kisanduku cha kushoto kinasogea kukaa mahali pa cha katikati, mistari ya nje ikibaki palepale. Valvu yako ya zamani ikiachiwa, mafuta yanatoka P yanarudi T kwa raha, geji inasoma bar chache tu. Hii mpya P ina kifuniko. Lita 30 zimebaki na mlango mmoja, nao ni rilifu.

Itazame rilifu yenyewe: mraba mmoja, mshale mmoja ndani uliokaa kando kidogo ya njia, springi upande mmoja, na mstari wa vitone unaotoka upande wa pampu kuja kuisukuma springi. Yaani inafungwa na springi na inafunguliwa na presha inayotoka pampuni. Ikifunguka, nguvu yote inageuka joto. Lita 30 mara bar 150, gawa kwa 600, unapata kilowati 7.5. Kwa tangi lako hiyo ni nyuzi mbili na zaidi kila dakika. Robo saa, kutoka nyuzi 30 umepita 60.

Kulegeza hadi bar 70 kutapunguza joto karibu nusu, ni kweli, lakini robota halitabanika. Usiiguse rilifu. Soma geji valvu ikiwa imeachiwa: ikisimama kwenye 150, umepata mgonjwa.

DadaFundi_Chumbageni
Shikamoo mzee. Nimesoma leo asubuhi: imeachiwa, geji iko 150 na rilifu inalia kama mluzi. Basi narudi ya zamani. Ila kulikuwa na shida hata enzi zake: vijana wakifunga kamba, presi inarudi juu kidogo, kama milimita 6, na kamba zinalegea. Nafikiria kuongeza chekvalvu, ile ya kupitisha mafuta upande mmoja tu, kwenye A, njia ya kushusha presi.

FundiMsambweni
Chekvalvu nzuri sana. Kwenye mchoro ile V ndiyo mshale, mafuta yanaenda inakoelekea ncha. Ifunge ncha ikielekea silinda.

MzeeWaMakorora
Marahaba. Msambweni, hapo utamfungia kinyume. Ile V si mshale, ni kiti cha gololi. Mafuta yakitoka upande wa ncha yanaisukuma gololi iondoke kitini, yanapita. Yakitoka upande wa gololi yanaikandamiza kwenye kiti, njia inafungwa. Kwa hiyo ncha ya V itazame valvu, gololi itazame silinda.

Na chekvalvu ya kawaida kwenye A itaikamata presi chini moja kwa moja, haitapanda tena. Unahitaji ile yenye mstari wa vitone unaotoka bomba la B, ili presha ya kupandisha iifungue.

Hapo ndipo H inapoishinda ile ya zamani. Kwa katikati ya P–T, A na B zimezibwa, presha inanaswa kwenye vipande vya bomba, na ule mstari wa vitone unaweza kubaki unaisukuma gololi. Haitakaa vizuri kitini. Kwa H, kila kitu kinashuka tangini, gololi inabana mara moja, na pampu inapumzika pia. Lakini H bila chekvalvu usithubutu, presi haitashika kabisa.

FundiMsambweni
Kuhusu V nimekubali mzee, nilikuwa nasoma hivyo miaka. Ila H na chekvalvu hiyo, kwenye presi iliyobana bar 150, ikifunguka ghafla inapiga kishindo mpaka bomba linaruka. Nimeshuhudia. Mimi ningebaki na ya zamani, nikavumilia hizo milimita 6.

MzeeWaMakorora
Kishindo kipo, sikatai. Zipo zenye gololi ndogo ndani ya kubwa, inatoa presha kidogo kidogo kabla ya kubwa kufunguka. Sijui kama muuzaji anazo. Wa tipa: mpaka uoneshe mchoro. Na funga stendi ya chuma chini ya bodi kabla ya kugusa chochote.

DadaFundi_Chumbageni
Nimerudisha ya P–T, koili nimepata. Ikiachiwa geji inasoma 6, tangi ni vuguvugu tu. Milimita 6 zipo palepale. Je, si sili ya pistoni?

MzeeWaMakorora
Inaweza. Bana robota, zima mota, fungua bomba la B pale kwenye silinda, mdomo wa bomba uuzibe kwa plagi. Kisha washa na uendelee kubana, vijana wakae mbali, na asiwepo mtu wa kugusa swichi ya kupandisha. Mafuta yakichuruzika kwenye tundu la silinda, sili imekwisha. Tundu likibaki kavu, spuli inayoteleza ndani ya valvu ndiyo inavujisha, na hapo tutarudi kwenye mabishano ya Msambweni.

DadaFundi_Chumbageni
Jumamosi hatufungi marobota, nitaipima siku hiyo.